Letre ya misyo: saa ya kungojea kule mpaka inalipwa na nani?

Kule Kasumbalesa, mshauri anayesaidia nyumba ya biashara kupanga makaratasi ya dwane hafanyi kazi kwenye meza peke yake. Anatoka Lubumbashi asubuhi, anapita barabara ya karibu kilomita mia moja, kisha anangojea. Siku ikiisha, pengine amefanya kazi saa tatu na kungojea saa nne. Mwisho wa mwezi mteja anasema: "Zile saa za kungojea, mimi sizijue." Ugomvi mwingi wa pesa unaanzia hapo, hata pale ambapo bei ya saa iliandikwa vizuri.

Bei iliandikwa, lakini saa yenyewe haikuelezwa. Letre ya misyo, ile barua ambayo mshauri na mteja wanatia saini mbele ya kazi kuanza, inafaa iseme saa inaanza wapi na kuishia wapi. Njia ambayo watu wengi wanaweza kukubaliana ni kuweka bei mbili: moja ya kazi, nyingine ndogo ya njia na kungojea. Inaongezwa pia mpaka wa saa za mwezi. Mshauri asiupite bila mteja kukubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Tuchukue mfano. Bei ya kazi ni dola 25 kwa saa, bei ya kungojea dola 10, na mpaka ni saa 50 kwa mwezi. Mwezi wa tano mshauri amefanya saa 38 za kazi na 9 za kungojea. Hiyo ni dola 950 na dola 90, jumla 1,040. Kama mshauri anatoza TVA ya asilimia 16, inaongezeka dola 166.40. Letre isiposema kama bei ni pamoja na TVA ao bila TVA, mmoja wao atabeba hizo 166 bila kuzitazamia. Iseme pia: kama mteja analipa kwa franka, ni kwa kiwango cha siku gani, siku ya fakture ao siku ya kulipa.

Gharama ni jambo lingine. Chumba na basi zina resi, lakini moto ya kufika parkingi ya makamyo haina. Kwa vile vidogo, afadhali kuweka kiasi kimoja cha siku, na vyote vingine virudishwe kwa resi tu. Na pesa ya "madesu" ambayo mtu anaombwa njiani? Hiyo si gharama, ni rushwa. Letre inayosema wazi kwamba hairudishwi inamlinda mteja, na inamlinda mshauri zaidi, kwa sababu hakuna atakayemtuma kuitoa.

Sasa tarehe. "Italipwa ndani ya siku 30" haitoshi: siku 30 tangu lini? Kama ni tangu tarehe iliyoandikwa juu ya fakture, mteja atasema fakture ilimfikia kwa kuchelewa. Inafaa ihesabiwe tangu siku ya kupokelewa, na mshauri abaki na kopi yenye kashe, tarehe na saini ya sekretere. Katika mfano wetu, saa zinafungwa tarehe 25, na fakture inawekwa pamoja na karatasi ya saa tarehe 31 ya mwezi wa tano. Siku 30 zinaisha tarehe 30 ya mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru, banki zimefungwa. Mstari mmoja unamaliza shida: tarehe ikiangukia siku isiyo ya kazi, malipo ni siku ya kazi inayofuata.

Mteja naye apewe siku, tuseme tano za kazi, za kupinga kwa maandishi. Akipinga saa 9 za kungojea, zile 38 zinabaki kulipwa kwa tarehe yake. Bila mstari huo, dola 90 zinazuia 950, na mshauri anasikia kila juma: "Papa, rudi kesho, patro haiko."

Tarehe ikipita, letre iseme mshauri anaweza kusimamisha kazi baada ya siku ngapi. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake ya kudai madeni inaruhusu kumuomba prezida wa tribinali amri ya kulipa bila kesi ndefu, kama deni ni la hakika, kiasi chake kinajulikana na tarehe yake imefika. Mteja anaweza kuipinga amri hiyo. Hapo ndipo tribinali itatazama letre yenye saini, karatasi ya saa, na ile kopi yenye kashe.