Baiti 446 za Kwanza: Historia ya Namna Kompyuta Inavyowaka

Kompyuta inayowashwa leo katika ofisi ya Bujumbura huenda bado inafuata utaratibu uliowekwa Agosti 1981, pale kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi ya kwanza. Kwa kuwa kumbukumbu ya kazi hufutika kila umeme unapokatika, kichakataji huanza kwa kutekeleza maelekezo yaliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mkuu. Maelekezo hayo huitwa programu dhibiti, na katika kompyuta hiyo ya IBM yaliitwa BIOS.

BIOS haikujua faili ni nini. Ilisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, ikaiweka katika kumbukumbu kwenye anwani `0x7C00`, kisha ikaiachia kazi. Mwaka 1983, PC DOS 2.0 ilipoanza kuhudumia diski ngumu, sekta hiyo iligawanywa: baiti 64 zikawa jedwali la sehemu za diski, 2 zikawa alama ya uthibitisho, na 446 tu zikabakia kwa programu. Kipakiaji, yaani programu inayoutafuta mfumo wa uendeshaji na kuuingiza katika kumbukumbu, hakingeweza kuenea humo, na ndiyo maana GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, huweka hapo kipande kidogo ambacho kazi yake ni kukiita kikubwa. UEFI, ambayo jumuiya yake iliundwa mwaka 2005, iliondoa dhiki hiyo kwa kuiwezesha programu dhibiti kusoma faili moja kwa moja.

Katika Linux, kipakiaji huingiza vitu viwili: kiini, kinachosimamia kumbukumbu na vifaa, na initramfs, ambayo ni mkoba wa muda wenye viendeshi vinavyokiwezesha kiini kuifikia diski halisi. Kiini huanzisha mchakato namba 1 kutoka initramfs, na diski ikishafikiwa, mchakato huo hugeuka kuwa `/sbin/init`, ambayo katika mifumo mingi ya sasa ni systemd, iliyotolewa mwaka 2010, na michakato mingine ya watumiaji huzaliwa kutokana nao.

Umeme ukikatika wakati kiini kipya kinasakinishwa, initramfs yake yaweza kukosekana, na kompyuta ikiwashwa tena huonyesha:

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Ujumbe huo hutolewa na kiini chenyewe, hivyo programu dhibiti na kipakiaji vimekwisha kutimiza wajibu wao, ilhali `/sbin/init` haijafikiwa. Fundi wa Debian au Ubuntu huchagua kiini cha zamani katika menyu ya GRUB, kisha huiunda upya initramfs iliyokosekana:

```
sudo update-initramfs -c -k all
sudo update-grub
```

Lakini skrini ikiishia kwenye `grub rescue>`, kiini bado hakijaguswa, na kinachotafutwa ni faili zilizopotea diskini za kile kipande kikubwa ambacho baiti 446 hazikuweza kukibeba.