Tafsiri ya maonyo ya usalama katika miongozo ya mashine

Tafsiri ya maonyo ya usalama katika miongozo ya mashine ni kazi ya kuhamisha amri na makatazo ya usalama kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kupoteza ngazi ya hatari iliyokusudiwa na mtengenezaji. Miongozo mingi huwa na ngazi tatu zinazohusu mwili wa mtu, na ya nne inayohusu mali tu. Kwa Kiswahili ngazi hizo mara nyingi huitwa hatari, onyo, tahadhari na ilani. Ugumu ni kwamba maneno matatu ya kwanza, katika mazungumzo ya kila siku, hubadilishana nafasi bila mtu kushtuka.

## Asili ya ngazi

Mgawanyo huu umeenea kutokana na viwango vya Marekani vya mfululizo wa ANSI Z535. Kiwango cha Z535.4 kinahusu lebo zinazobandikwa kwenye bidhaa yenyewe, na Z535.6, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2006, kinahusu vitabu vya maelezo vinavyoambatana nayo. Shirika la kimataifa la viwango lina mpangilio unaofanana katika ISO 3864-2.

Kila ngazi hufafanuliwa kwa maswali mawili: madhara ni makubwa kiasi gani, na yana uhakika kiasi gani. Kwa Kiswahili fasili zake huweza kuandikwa hivi:

* HATARI: hali ambayo isipoepukwa *itasababisha* kifo au majeraha makubwa.
* ONYO: hali ambayo isipoepukwa *inaweza kusababisha* kifo au majeraha makubwa.
* TAHADHARI: hali ambayo isipoepukwa *inaweza kusababisha* majeraha madogo au ya wastani.
* ILANI: jambo lisilohusu kuumia kwa mtu, kama vile kuharibika kwa mashine.

Hatari na onyo hazitofautiani kwa ukubwa wa madhara. Zote mbili zinahusu kifo. Tofauti yake imo katika kitenzi peke yake, baina ya *itasababisha* na *inaweza kusababisha*. Mfasiri anayeandika *huweza* hapa, *itaweza* pale na *inasababisha* kwingine, kwa kuogopa kurudia neno, amekwisha kuifuta tofauti hiyo. Katika insha kubadilisha maneno ni sifa; katika mwongozo wa mashine ni kosa.

Rangi husaidia pia: nyekundu kwa hatari, chungwa kwa onyo, njano kwa tahadhari na buluu kwa ilani. Ngazi tatu za kwanza huwa na pembetatu yenye alama ya mshangao, na ilani haina. Lakini mwongozo ukitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, kama inavyotokea mara nyingi, chungwa na njano huwa kijivu kimoja. Hapo neno lenyewe ndilo linalobaki kubeba ngazi.

## Maneno yenyewe katika Kiswahili

Kila moja ya maneno haya lina maisha mengine nje ya mwongozo. *Hatari* huandikwa kwenye nguzo za umeme na magari ya mafuta, lakini vijana hulitumia pia kumsifu mchezaji hodari. *Onyo* humkumbusha msomaji barua ya onyo kazini au shuleni, yaani karipio kwa kosa lililokwisha kutendeka. *Tahadhari* hutumika kwa jambo lolote la kujihadhari, kuanzia barabara yenye utelezi hadi mafuriko.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi za *angalizo*, *tahadhari* na *tahadhari kubwa*. Kwa msikilizaji wa redio, basi, tahadhari ni neno zito. Katika mwongozo wa mashine neno hilohilo ndilo jepesi kuliko yote yanayohusu kuumia. Hii ndiyo sababu *angalizo* halifai sana kwa ngazi ya nne: msomaji ataliweka chini ya tahadhari kwa mazoea ya hali ya hewa, na kudhani nalo linahusu usalama wake.

Lebo za kemikali nazo zina utaratibu wake. Mfumo wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kama GHS una maneno mawili tu, yanayolingana na hatari na onyo, na onyo huko ni ngazi ya chini. Lugha za Ulaya nazo hazijaepuka mkanganyiko huu: neno la Kifaransa linalotumika kwenye kemikali kwa ngazi hiyo ya chini ndilo linalotumika mara nyingi kwenye mashine kwa ngazi ya tatu. Kwa hiyo orodha ya istilahi ya kemikali haifai kuhamishiwa kwenye mwongozo wa mashine bila kuangaliwa upya.

Kwa kuwa hakuna neno linalojieleza lenyewe, ukurasa wa fasili mwanzoni mwa kitabu ni wa lazima, na maneno manne yakishachaguliwa hayabadilishwi hadi mwisho. Inafaa pia maneno hayo yasitumike kwa kazi nyingine ndani ya kitabu. Taa inayowaka oili ikipungua isiitwe «taa ya hatari» ikiwa ujumbe wake ni wa ngazi ya ilani. «Taa ya oili» inatosha.

## Amri na makatazo

Ngazi haionyeshwi kwa ukali au upole wa amri. Baadhi ya wafasiri huona haya kumwamuru msomaji ambaye huenda ni mtu mzima kwao, wakaongeza *tafadhali* au wakaandika *inashauriwa*. Wengine huandika *usithubutu*, ambalo ni tishio la mtu kwa mtu. Katika ngazi zote amri hubaki fupi na ya umoja: *zima*, *chomoa*, *usiguse*. Neno *kamwe* likitumika, litunzwe kwa makatazo yasiyo na nafuu yoyote.

Kosa baya kuliko yote ni kutafsiri katazo kwa *si lazima*. Lugha ya Kiingereza hukataza kwa kuweka neno la ukanushi baada ya kitenzi cha ulazima. Mfasiri anayefuata neno kwa neno hupata «si lazima kufungua kifuniko injini ikiwa inazunguka». Maana yake kwa Kiswahili ni kwamba ukitaka, fungua. Katazo limegeuka ruhusa. *Hupaswi kufungua* ni afadhali, ila wapo wanaolisoma kama kuondolewa wajibu. *Usifungue* halina njia mbili.

Mpangilio wa sentensi nao una uzito, kwa sababu fundi husoma huku mkono uko kwenye mashine. «Safisha kichujio baada ya kuzima injini» humfikisha kwenye kichujio kwanza. «Zima injini. Kisha safisha kichujio» humwongoza kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

## Mfano: jenereta ndogo ya petroli

Jenereta ya kubebeka ni mfano mzuri kwa kuwa ina ngazi zote nne katika chombo kimoja. Marekani imeweka lebo ya lazima kwa jenereta zinazotengenezwa au kuingizwa nchini humo tangu Mei 2007, yenye neno la ngazi ya hatari. Lebo hiyo inasema kwamba kutumia jenereta ndani kunaweza kuua kwa dakika chache, kwamba moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyoonekana wala kunusika, na kwamba isitumike ndani ya nyumba au banda la gari hata kama milango na madirisha yako wazi. Hapa kitenzi ni *kunaweza* ingawa neno la ngazi ni hatari. Mfasiri hairekebishi ngazi kwa sababu hiyo: uamuzi wa ngazi ni wa mtengenezaji au wa sheria.

Maneno matatu ya lebo hiyo yanahitaji uangalifu mkubwa. La kwanza ni la banda la gari. Neno la Kiingereza limeingia katika Kiswahili kama *gereji*, lakini gereji ya Kiswahili ni karakana ya mafundi. Anayesoma «usitumie gereji» ataona katazo halimhusu. La pili ni *nje*. Kwa wengi barazani ni nje, na uani penye kuta pande zote pia ni nje, ingawa gesi inaweza kukusanyika hapo au kuingia ndani kupitia dirishani. Inabidi kusema: «mahali pa wazi, mbali na milango, madirisha na matundu ya hewa». La tatu ni *hata kama*. Likiandikwa *ikiwa*, sentensi inakataza jenereta ndani pale tu milango inapokuwa wazi. Tafsiri inayofaa ni hii:

> HATARI. Kutumia jenereta ndani kunaweza KUKUUA kwa dakika chache. Moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu usiyoweza kuiona wala kuinusa. KAMWE usiitumie ndani ya nyumba au banda la gari, HATA KAMA milango na madirisha yako wazi. Itumie mahali pa wazi tu, mbali na milango, madirisha na matundu ya hewa.

Ngazi nyingine katika mwongozo wa mashine hiyohiyo zinaweza kuwa hivi:

> ONYO. Petroli ikimwagika kwenye injini yenye moto inaweza kuwaka na kusababisha kifo au kuungua vibaya. Zima injini na uiache ipoe. Kisha jaza tangi.

> TAHADHARI. Ekzosi ya moto inaweza kuunguza ngozi. Usiiguse kabla haijapoa.

> ILANI. Jenereta imesafirishwa bila oili. Weka oili kabla ya kuwasha. Bila oili injini itaharibika.

Ilani hii ina *itaharibika*, yenye uhakika, na bado ni ngazi ya chini kabisa, kwa kuwa kinachoharibika ni chuma. Mfasiri aliyezoea kupima ngazi kwa kitenzi pekee angeipandisha hadi hatari. Akifanya hivyo mara kumi katika kitabu kimoja, msomaji atajifunza kwamba «hatari» humaanisha hasara ya fedha, na atairuka ile ya sumu.

Neno *jeraha* lina mpaka wake pia. Kwa wengi ni kidonda kinachoonekana, na halimleti akilini mtu aliyepigwa na umeme au kuvuta sumu. Ndiyo maana katika mifano hii madhara yametajwa kwa jina: kuua, kuungua vibaya, kuunguza ngozi.

## Kukagua tafsiri

Njia rahisi ya kukagua ni kufuta maneno ya ngazi na kumpa mtu asiyeijua asili zile sentensi zilizobaki, pamoja na ukurasa wa fasili, azipange mwenyewe. Ukaguzi wa pili ni kumuuliza msomaji swali la kitendo, si la maana. «Je, umeelewa?» hujibiwa ndiyo na karibu kila mtu. «Mvua inanyesha na umeme umekatika, jenereta utaiweka wapi?» humfanya anyooshe kidole. Akionyesha barazani, lebo inarudi kwa mfasiri.