Kiwango cha kati: kipimo cha reti ya wakala

Kila sarafu ina bei mbili kwa wakati mmoja, ya kununuliwa na ya kuuzwa. Tuseme benki za Kampala leo zinanunua dola kwa shilingi 3,590 na kuiuza kwa 3,610. Katikati ya bei hizo ni 3,600, na hicho ndicho wataalamu wa fedha wanachokiita kiwango cha kati. Wengine husema wastani, lakini neno hilo humfanya msomaji afikirie hesabu ya siku nyingi zilizojumlishwa na kugawanywa, ilhali kinachotakiwa ni bei ya saa hii. Kwa hiyo kiwango cha kati kinafaa zaidi, hata kama watu wa Mafubira, kaskazini mwa Jinja, husema tu "reti".

Duka la fedha haliishi kwa kiwango cha kati. Hujilipa kwa kumpa mteja pungufu kidogo, na pungufu hiyo ndiyo faida yake, iwe limetoza ada au limetangaza kwamba kutuma ni bure.

Mfano ni kijana anayefanya kazi ya ulinzi Dubai, anayetaka kumtumia mama yake wa Mafubira dirhamu 1,000. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dirhamu 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi: 3,600 gawanya kwa 3.6725, inapatikana karibu shilingi 980. Kampuni ya kwanza inatoza dirhamu 15 na kulipa 965 kwa kila dirhamu iliyobaki. Mama atapata 950,525. Ya pili haitozi ada lakini inalipa 950, atapata 950,000. Kwa hiyo iliyojiita ya bure ndiyo ghali, ingawa kwa kiasi kidogo. Kisha anatokea mtu mwenye reti ya 1,030, bila ada. Mama angepata 1,030,000, yaani 50,000 juu ya kiwango cha kati. Nani anazilipa hizo 50,000?

Zamani jibu lilikuwepo, na wazee wa Busoga wanalijua. Enzi za Idi Amin na miaka iliyofuata, dola iliuzwa kwa siri mahali palipoitwa kibanda, kwa bei iliyopita ile ya serikali mara nyingi. Mapema mwaka 1981 bei rasmi ilikuwa chini ya shilingi 10 kwa dola. Serikali ilipoiachia Juni mwaka huo, ikaruka hadi karibu 78. Aliyetuma kwa njia ya kibanda hakuwa akipewa zawadi. Bei rasmi ndiyo iliyokuwa ya uongo, na kibanda kilikuwa karibu zaidi na bei ya kweli. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na pengo lile likaanza kuzibika. Mazoea ya kumwamini anayelipa zaidi yamebaki, lakini sababu yake imeondoka.

Leo ipo njia moja halali ya kukaribia kiwango cha kati. Mfanyabiashara wa Jinja anahitaji dirhamu za kulipia simu huko Deira, Dubai, naye mlinzi wetu ana dirhamu na anataka shilingi. Wakala mwenye leseni akiwalinganisha, fedha hazivuki mpaka hata kidogo: dirhamu zinabaki Dubai, shilingi zinatoka Jinja, naye anaweza kulipa 975 na bado akapata chake. Lakini hata yeye hawezi kuvuka 980 siku baada ya siku bila kula hasara. Kampuni mpya inaweza kuvuka mara moja, kwa muamala wa kwanza, ili kumvuta mteja. Hilo huandikwa wazi pamoja na kikomo chake.

Anayevuka kila siku huwa na fedha anazotaka kuziondoa. Mtu mwenye shilingi za wizi hapa Uganda anatamani kuzigeuza dirhamu safi kule, na yuko tayari kulipia. Wakala huchukua dirhamu za mlinzi na kumpa mhalifu, kisha shilingi chafu zinaingizwa kwenye akaunti ya mama. Dalili yake huonekana Mafubira, si Dubai: fedha zinafika vipande vipande, kutoka kwa namba au majina ambayo mama hayajui, wala hakuna risiti yenye jina la kampuni. Uchunguzi ukifika, akaunti inayofungwa ni ya mama. Wengine hawana hata shilingi hizo. Hulipa vizuri mara mbili tatu kwa kiasi kidogo, kisha hutoweka na kikubwa.

Benki Kuu ya Uganda huchapisha orodha ya kampuni zenye leseni ya kutuma fedha, na jina la wakala linaweza kutafutwa humo kabla dirhamu hazijatoka mfukoni. Akishapatikana, swali la kumuuliza ni shilingi ngapi zitafika mkononi mwa mama. Mama akipokelea kwenye simu, wakala wa simu wa Mafubira atakata ada ya kutoa, na serikali asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa.