Muda wa Kusubiri Basi Kituoni: Namna Unavyotokana na Idadi ya Safari kwa Saa

Usafiri wa umma hupangwa kwa namna kuu mbili. Ipo huduma inayotolewa kwa ratiba, ambapo abiria hujua mapema saa ya kuondoka na kufika kituoni kwa kuizingatia. Treni za Reli ya Kisasa, zilizoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, zimo katika kundi hili. Ipo pia huduma ambayo abiria huingia kituoni wakati wowote akiwa na matumaini kwamba chombo kitafika baada ya muda mfupi. Mabasi Yaendayo Haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, yamekusudiwa kuwa huduma ya namna hiyo.

Tofauti kati ya namna hizi mbili inatokana na hesabu inayounganisha idadi ya safari kwa saa na muda ambao abiria husubiri. Anayeielewa hesabu hiyo anaweza kupima huduma anayoipata, na pia kutambua ni wapi tatizo linadai mabasi zaidi na ni wapi linadai usimamizi bora wa mabasi yaliyopo.

Kanuni ya nusu ya pengo

Hatua ya kwanza ni kupata pengo, yaani muda unaopita kati ya basi moja na linalofuata. Pengo hupatikana kwa kugawa dakika 60 kwa idadi ya mabasi yanayopita kituoni kwa saa. Mabasi 12 kwa saa yana pengo la dakika 5, mabasi 6 yana pengo la dakika 10, na mabasi 2 yana pengo la dakika 30.

Hatua ya pili ni kupata wastani wa kusubiri. Abiria asiyefuata ratiba huweza kufika kituoni katika dakika yoyote ya pengo. Mwenye bahati hufika basi linapofungua milango, na asiye na bahati hufika mara tu linapoondoka, hivyo akasubiri pengo zima. Wengine wote huangukia katikati ya hali hizo mbili. Kwa hiyo, ikiwa mabasi yanapishana kwa mapengo yaliyo sawa, wastani wa kusubiri ni nusu ya pengo: dakika 2 na nusu kwa mabasi 12, dakika 5 kwa mabasi 6, na dakika 15 kwa mabasi 2.

Hesabu hii inaonesha kwamba faida ya kuongeza mabasi hupungua kadiri huduma inavyokuwa ya mara kwa mara. Njia yenye mabasi 2 kwa saa ikiongezewa mengine 2, wastani wa kusubiri hushuka kutoka dakika 15 hadi dakika 7 na nusu. Mabasi 2 yakiongezwa katika njia yenye mabasi 12, wastani hushuka kutoka sekunde 150 hadi takribani sekunde 129, yaani abiria huokoa sekunde 21 tu. Katika njia yenye mabasi mengi, sababu ya kuongeza mengine kwa kawaida ni kupunguza msongamano ndani ya basi, wala si kufupisha kusubiri.

Katika kuhesabu mabasi, abiria hana budi kuhesabu yale tu yanayomfikisha aendako. Chukua mfano wa kituo kinachopitiwa na mabasi 12 kwa saa, yaliyogawanywa sawasawa katika njia tatu zenye miisho tofauti. Mwenye safari inayohudumiwa na njia zote tatu ana pengo la dakika 5. Anayekwenda mwisho wa njia mojawapo ana mabasi 4 tu kwa saa, pengo la dakika 15 na wastani wa kusubiri wa dakika 7 na nusu, ingawa wote wawili wamesimama katika jukwaa moja.

Kwa nini ratiba hukoma kuwa na manufaa

Abiria anayefuata ratiba naye husubiri. Hawezi kufika kituoni katika sekunde ileile ya kuondoka, kwa sababu njiani huenda akachelewa kuvuka barabara au akakuta foleni ya tiketi. Kwa hiyo hujiwekea akiba ya muda. Tuchukulie kwamba akiba hiyo ni dakika 4.

Pengo likiwa dakika 60, asiye na ratiba husubiri wastani wa dakika 30, naye mwenye ratiba husubiri dakika 4. Ratiba imemwokolea dakika 26 za kusimama kituoni. Pengo likiwa dakika 30, faida ni dakika 11. Pengo likiwa dakika 10, asiye na ratiba husubiri dakika 5, hivyo faida ya ratiba ni dakika 1 tu. Pengo likifika dakika 5, asiye na ratiba husubiri wastani wa dakika 2 na nusu, ambazo ni chache kuliko ile akiba ya dakika 4. Hapo kuifuata ratiba ni kujiongezea muda wa kusubiri.

Ndiyo maana wapangaji wengi wa usafiri huchukua pengo la takribani dakika 10 kuwa mpaka. Chini ya hapo abiria wengi huenda kituoni bila kuuliza saa, na juu ya hapo huanza kupanga safari zao kwa ratiba. Katika huduma ya mara kwa mara, taarifa anayoihitaji abiria ni ukubwa wa pengo kwa kila kipindi cha siku, pamoja na saa ya basi la kwanza na la mwisho. Basi la mwisho halina jingine nyuma yake, hivyo kwa safari hiyo kanuni ya nusu ya pengo haitumiki.

Ikumbukwe pia kwamba wastani si ahadi. Mwenye miadi ya hospitali au ya mahakamani anapaswa kuhesabu pengo zima katika safari yake, kwa kuwa huenda siku hiyo akafika kituoni basi likiwa limetoka punde.

Mabasi yanapofuatana

Kanuni ya nusu ya pengo ina sharti moja, nalo ni kwamba mapengo yawe sawa. Sharti hilo likivunjika, idadi ya mabasi inaweza kubaki ileile huku kusubiri kukiongezeka.

Chukua njia ileile yenye mabasi 12 kwa saa, lakini mabasi yakawa yanakuja mawili mawili: pengo la dakika 9, kisha la dakika 1, kisha la dakika 9 tena. Wastani wa pengo bado ni dakika 5. Hata hivyo, ikiwa abiria mmoja hufika kila dakika, kati ya abiria 10 tisa hufika ndani ya pengo refu na kusubiri wastani wa dakika 4 na nusu, na mmoja tu hufika ndani ya pengo fupi na kusubiri nusu dakika. Wastani wao wote ni dakika 4.1. Kusubiri huko ni sawa na kule kwa njia yenye mabasi kama 7 tu kwa saa yanayopishana vizuri. Mafuta, madereva na matairi ya mabasi 12 vimetumika, lakini abiria amepata huduma ya mabasi 7.

Chanzo cha hali hiyo mara nyingi ni kuchelewa kudogo kunakojikuza. Tuseme katika kituo hufika abiria 6 kwa dakika, na kila mmoja huchukua sekunde 2 kupanda. Basi lililo nyuma ya lililotangulia kwa dakika 5 hukuta watu 30 na kusimama sekunde 60. Likichelewa kwa dakika 2 hukuta watu 42 na kusimama sekunde 84, hivyo linaondoka likiwa limechelewa zaidi ya lilivyofika. Basi linalolifuata sasa liko nyuma kwa dakika 3 tu. Hukuta watu 18, husimama sekunde 36, na kulisogelea la mbele kwa sekunde 48 zaidi. Baada ya vituo kadhaa mabasi hayo huwa pamoja, la mbele likiwa limejaa na la nyuma likiwa na viti vitupu.

Kwa sababu hiyo, lolote linalofupisha muda wa kupanda hulinda mapengo. Kukata tiketi kabla ya kufika mlangoni, jukwaa lililo usawa wa sakafu ya basi na milango mipana hupunguza sekunde zinazotumiwa na kila abiria. Njia maalumu ya mabasi nayo huondoa ucheleweshaji wa awali unaosababishwa na foleni ya magari.

Palipo na ratiba, msimamizi huuliza iwapo basi limewahi au limechelewa. Katika huduma ya mara kwa mara, swali lake ni liko umbali wa dakika ngapi kutoka kwa la mbele na la nyuma. Likiwa limelikaribia mno la mbele, huweza kuzuiwa kituoni kwa dakika moja au mbili. Hatua hiyo ina gharama, kwani waliomo ndani huchelewa. Kwa sababu hiyo, hufaa zaidi mwanzoni mwa njia, ambako walio ndani ni wachache na wanaosubiri mbele ni wengi.

Namna ya kupima huduma kituoni

Mwananchi anaweza kufanya kipimo hiki kwa saa na karatasi. Andika muda wa kila basi linalokufaa, kisha kokotoa mapengo. Zidisha kila pengo kwa lenyewe, jumlisha majibu, na ugawe kwa mara mbili ya jumla ya mapengo.

Kwa mfano, katika nusu saa mapengo yaliyopatikana ni dakika 2, 8, 1, 9, 4 na 6. Jumla yake ni 30. Kila moja likizidishwa kwa lenyewe, jumla ni 202. Ukigawa 202 kwa 60, wastani wa kusubiri ni takribani dakika 3.4, badala ya dakika 2 na nusu ambazo mabasi hayo 6 yangetoa yakipishana sawasawa.

Matokeo hayo yanahesabu kila basi kuwa lina nafasi. Abiria akiachwa kwa sababu basi limejaa, pengo zima linalofuata huongezeka kwenye kusubiri kwake, na basi hilo halipaswi kuhesabiwa. Kipimo kikionesha mapengo yaliyo sawa lakini abiria wanaachwa, kinachopungua ni nafasi katika mabasi. Kikionesha mapengo marefu na mafupi huku mabasi ya nyuma yakipita na viti vitupu, mabasi yapo, na kinachohitajika ni kuyatenganisha.