Oksijeni iliyoyeyuka katika mabwawa ya samaki

Oksijeni iliyoyeyuka ni gesi ya oksijeni iliyochanganyika na maji na ambayo samaki huivuta kwa matamvua yake. Hupimwa kwa miligramu katika kila lita ya maji. Kiasi chake ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kilichomo hewani: lita moja ya hewa ya Kisumu ina zaidi ya miligramu 230 za oksijeni, ilhali lita moja ya maji ya bwawa mahali hapo hapo, yakiwa na nyuzi 27 za sentigredi, hushikilia takriban 6.9 tu yanapokuwa yamelingana na hewa. Katika bwawa lililorutubishwa kwa samadi au linalopokea chakula kila siku, kiasi hicho hakitulii. Kinaweza kupanda hadi zaidi ya miligramu 12 saa 9 alasiri na kushuka chini ya 2 kabla ya jua kuchomoza. Chanzo kikuu cha mabadiliko hayo ni mwani, yaani viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea majini na kuyapa rangi yake. Mwani huohuo unaoyajaza maji oksijeni mchana ndio unaoimaliza usiku, na ukizidi kipimo, hasara yake ya usiku huipita faida yake ya mchana.

Wafugaji wengi huanza kulaumu joto, na wana sababu. Maji ya moto hushika gesi kidogo kuliko maji ya baridi: usawa wa bahari, maji matamu ya nyuzi 25 hujaa kwa miligramu 8.3 na ya nyuzi 30 kwa 7.6. Mwinuko nao hupunguza, maana kanieneo ya hewa hushuka kadiri mtu anavyopanda mlima. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, ulio zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, upungufu huo unakaribia sehemu moja ya nane. Hata hivyo tuzitazame tarakimu vizuri. Nyuzi 5 za joto zimeondoa miligramu 0.7, wakati bwawa la kijani linapoteza 6 au zaidi kwa usiku mmoja. Isitoshe, alfajiri ndiyo saa ambayo maji yamepoa kuliko saa nyingine zote, hivyo yangeweza kushika oksijeni nyingi zaidi, na bado ndiyo saa ambayo samaki hufa. Joto lina madhara, ila njia yake kubwa ni nyingine: linaharakisha upumuaji. Kwa viumbe vingi vya majini, nyuzi 10 za ziada huongeza matumizi ya oksijeni takriban maradufu, na nyuzi 5 huyaongeza kwa kama asilimia 40. Bwawa lililokuwa likipoteza miligramu 6 usiku litapoteza zaidi ya 8. Hapo joto limechukua mara tatu ya kile lilichokichukua kwa kuyapunguzia maji uwezo wa kushika gesi.

Mzunguko wenyewe huenda hivi. Jua likitoka, mwani huanza usanisinuru: hutumia mwanga, maji na kaboni dioksidi kutengeneza chakula chake, na hutoa oksijeni. Wakati huohuo unapumua kama kiumbe kingine chochote, ila mchana uzalishaji huzidi matumizi, na kiasi hupanda hadi alasiri. Giza likiingia uzalishaji husimama, upumuaji huendelea, na akiba huliwa saa baada ya saa mpaka mapambazuko. Hadi hapa mtu angeweza kusema kwamba mwani mwingi zaidi ungeweka akiba kubwa zaidi. Ingekuwa hivyo kama mwanga ungefika kila mahali. Mwani, hata hivyo, hujitilia kivuli. Maji yakiwa ya kijani kizito, mwanga huishia sentimeta chache chini ya uso, na ule ulio chini ya hapo hupumua tu, mchana kutwa na usiku kucha. Uzalishaji unafungwa na kiasi cha mwanga unaolifikia bwawa, ambacho hakiongezeki. Upumuaji hukua pamoja na wingi wa mwani, ambao huongezeka kila samadi inapomwagwa. Kuna kikomo kingine tena. Maji ya juu yakishapita kiwango cha kujaa, oksijeni ya ziada huponyoka kuingia hewani, kwa hiyo sehemu ya kile kilichozalishwa saa 9 alasiri haifiki hata jioni.

Swali linalofuata ni la haki: je, si samaki wenyewe wanaoimaliza? Tuchukue bwawa la meta za mraba 300, ukubwa uliotumika sana Kenya katika mpango wa serikali wa kuchimba mabwawa ulioanza mwaka 2009, na tuseme lina kina cha meta 1. Limewekwa sato 900 ambao sasa wana gramu 250 kila mmoja, yaani kilo 225 kwa jumla. Tukikadiria kwamba kilo moja ya sato hutumia miligramu 200 kwa saa, samaki wote watatumia gramu 45 kwa saa, na zikigawanywa katika meta za ujazo 300 zinakuwa miligramu 0.15 kwa lita. Kwa saa 12 za usiku hiyo ni 1.8. Tope la chini, ambamo bakteria huozesha kinyesi na mabaki ya chakula, huweza kuchukua 0.7. Mwani wa wastani pamoja na viumbe wengine wanaoelea, kwa makadirio ya 0.3 kwa saa, huchukua kama 3.5. Jumla ni 6, na samaki wamekula chini ya theluthi yake. Kupunguza samaki kunasaidia, tena hupunguza chakula kinachoingia bwawani, na chakula hicho ndicho mbolea ya mwani. Ila anayepunguza samaki na kuendelea kumwaga samadi ileile hajaugusa upande mkubwa wa hesabu.

Kwa kuwa upungufu wa usiku hufuata mwendo unaokaribia kuwa sawa, unaweza kubashiriwa. Mabingwa wa mabwawa ya kambare huko Marekani, akiwemo Claude Boyd wa Chuo Kikuu cha Auburn, walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba vipimo viwili vya usiku hutosha: kimoja magharibi, kingine saa mbili au tatu baadaye, kisha mstari ulionyooka huvutwa kutoka kimoja kupitia kingine hadi alfajiri. Katika bwawa letu la mfano, kipimo cha saa 12 jioni kikiwa 9.5 na cha saa 3 usiku kikiwa 8.0, upotevu ni 0.5 kwa saa, na saa 12 asubuhi kitabaki 3.5. Sato hawatadhurika. Sasa tufikirie bwawa hilo baada ya wiki kadhaa za samadi nyingi. Jioni linasoma 11, na mwenyewe huenda akafurahi. Saa 3 usiku linasoma 8.6. Upotevu umekuwa 0.8 kwa saa, na alfajiri kitabaki 1.4. Bwawa lililokuwa na oksijeni nyingi zaidi jioni ndilo lenye kidogo zaidi asubuhi. Mfano wa tatu ni bwawa la kwanza baada ya siku nzima ya mawingu: mwani ni uleule, upotevu ni uleule wa 0.5, ila mwanga haukutosha na jioni imeanza na 5.5 tu. Saa 9 usiku itakuwa imebaki miligramu 1, na mstari unagusa sifuri saa 11 alfajiri.

Mstari huo una kasoro, na ni kasoro ya upande wa usalama. Maji yanaposhuka chini ya kiwango cha kujaa, hewa huanza kurudisha oksijeni kidogo kidogo, hasa upepo ukivuma, na viumbe navyo hupunguza matumizi oksijeni ikibaki kidogo. Kwa sababu hizo hali halisi ya alfajiri mara nyingi huwa bora kidogo kuliko ubashiri. Jambo ambalo mstari hauwezi kulibashiri ni ajali ya katikati ya usiku. Siku ya jua kali isiyo na upepo, maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi, yakakaa juu ya maji ya baridi yasiyochanganyika nayo. Juu kunakuwa na oksijeni tele, chini karibu na tope kunakuwa hakuna kitu. Ikinyesha mvua kubwa ya baridi, maji ya juu huwa mazito, huzama, na yale ya chini hupanda pamoja na uozo wake wenye njaa ya oksijeni. Oksijeni ya kina kizima hushuka kwa muda mfupi. Ndiyo maana kipimo kilichochukuliwa usoni mwa maji mchana hakisemi lolote kuhusu bwawa. Kipimo kichukuliwe katikati ya kina, na kama mtu ana nafasi ya kupima mara moja tu, apime alfajiri.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi mwani uondolewe na maji yawe meupe. Hilo lingezuia mpando na mshuko, lakini lingemwacha mfugaji akitegemea hewa peke yake, ambayo huingia polepole mno katika maji yaliyotulia, na lingemnyima sato sehemu ya chakula chake, kwa kuwa sato hula mwani. Kinachotakiwa ni kiasi. Kipimo cha shambani ni mkono: mtu huuzamisha ulionyooka, na kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kiwikoni, yaani kama sentimeta 30, rangi inafaa. Kikipotea mapema zaidi, samadi isimame na chakula kipunguzwe. Kipimo hiki hudanganya maji yakiwa na udongo, kwa sababu tope la mvua nalo huficha kiganja bila kutoa wala kutumia oksijeni ya maana. Pia hakioni hatari ya kinyume, pale mwani wote unapokufa kwa mkupuo: maji hubadilika kutoka kijani kuwa kahawia au kijivu ndani ya siku moja au mbili, uzalishaji hukoma hata mchana, na mwani uliokufa huanza kuoza.

Dalili kwa samaki ni kuja juu alfajiri na kuvuta maji ya usoni kwa midomo wazi, kisha kutulia jua likishapanda. Wanaokufa kwanza kwa kukosa oksijeni mara nyingi ni wakubwa. Sumu kwa kawaida haichagui hivyo, wala haifuati saa. Samaki wakikosa oksijeni chakula hakitolewi, kwa sababu usagaji wake huongeza matumizi. Husubiriwa hadi asubuhi iwe imeendelea. Maji mapya huingizwa kwa kurushwa ili yagusane na hewa. Mashine ya kutia hewa hufanya kazi yake kati ya usiku wa manane na macheo. Ikiwashwa alasiri, maji yakiwa yamepita kujaa, huitoa oksijeni badala ya kuiingiza. Kambare wa Afrika hasaidii kama kiashiria, kwani ana kiungo cha kupumulia hewa na hupanda juu kuivuta hata maji yakiwa mazuri. Hustahimili maji yasiyo na oksijeni karibu kabisa, isipokuwa vifaranga vyake, ambavyo katika wiki za mwanzo kiungo hicho hakijakomaa na hutegemea matamvua kama sato.