Jaribio Linganishi la Nasibu: Maana ya Istilahi na Adabu ya Kuisoma Hesabu Yake

Katika maarifa ya biashara ya mtandaoni limo jaribio ambalo mafundi wake huliita kwa herufi mbili tu, jaribio la A na B, nalo kwa muhtasari ni hili: mwenye kuuza huandika vichwa viwili vya tangazo, au maneno mawili tofauti ya kitufe, kwa ajili ya ukurasa wa mapokezi, yaani ukurasa ule ambao mgeni huufikia kwanza baada ya kubonyeza tangazo, kisha huwagawa wageni mafungu mawili, fungu moja likaonyeshwa andiko la kwanza na jingine andiko la pili, katika siku zile zile na saa zile zile, na mwishowe huhesabu ni wangapi katika kila fungu waliotenda lile alilolitaka, ambalo aghalabu ni kuagiza bidhaa. Jina la herufi ni jepesi ulimini, lakini halitaji sharti lolote la jambo lenyewe. Mtu aweza kusema kwamba huku ni kushindanisha maandiko, na tafsiri hiyo ina hatari yake, kwa kuwa shindano sharti litoe mshindi, ilhali jaribio la insafu mara nyingi hurudi na jawabu kwamba tofauti haikuonekana, na jawabu hilo ni kamili kama majawabu mengine. Kwa sababu hiyo istilahi tunayoichagua hapa ni jaribio linganishi la nasibu: linganishi, kwa kuwa mambo mawili huwekwa bega kwa bega, na la nasibu, kwa kuwa mgeni haendi katika fungu lake kwa hiari yake wala kwa hiari ya muuzaji, bali kwa kura.

Neno nasibu ndilo moyo wa istilahi hii, na ushahidi wa uzito wake tunao karibu na kwetu. Katika miaka ya 1990, huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walichunguza kama chati kubwa za kufundishia, zinazotundikwa mbele ya darasa, huinua alama za wanafunzi. Ilipotazamwa hesabu ya shule zilizokuwa tayari na chati hizo ikilinganishwa na zisizokuwa nazo, zenye chati zilionekana kuwa mbele waziwazi. Bali zilipochukuliwa shule 178, nusu yake zikapewa chati bila ya kuchaguliwa kwa sifa yoyote na nusu zikaachwa, faida ile haikuonekana tena. Sababu yake si fumbo: shule iliyokwisha kuwa na chati huenda pia ilikuwa na mwalimu mkuu hodari au wazazi wenye uwezo, na sifa ya hayo yote ilikuwa imeandikwa katika daftari la chati. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2004, na Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hiyo.

Hadaa ile ile humngoja mwenye kuuza. Na tumfikirie mfanyabiashara wa Mpanda anayeuza asali ya misitu ya miombo ya Inyonga, wilayani Mlele, kwa wanunuzi wa Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Kichwa chake cha tangazo ni "Asali safi ya misitu ya Inyonga", naye anafikiri kujaribu kingine, "Asali ya Inyonga: lipa ukishaipokea", ingawa sharti hilo la malipo ni lile lile kwa wanunuzi wote na limeandikwa chini ya ukurasa tangu zamani. Akitumia kichwa cha kwanza katika wiki ya tarehe 15 na cha pili katika wiki ya mishahara, atakuwa amelinganisha mifuko ya watu na si maneno. Vivyo hivyo akikionyesha kimoja kwa watu wa Mpanda na kingine kwa watu wa Dar es Salaam, atakuwa amelinganisha miji. Kura, inayopigwa na programu ya ukurasa kila afikapo mgeni mpya, huwachanganya wenye fedha na wasio nazo, wa mjini na wa shamba, kwa kiasi kinachokaribiana katika mafungu yote mawili. Na mgeni akirudi kesho kwa simu ile ile sharti aone kichwa kile kile alichokiona jana, la sivyo haijulikani agizo lake lihesabiwe upande upi.

Kabla ya kuanza, mfanyabiashara huyu anatakiwa kuamua mambo mawili na kuyaandika penye karatasi. La kwanza ni kile atakachokihesabu. Kitufe chenye maneno "Uliza bei" huenda kikabonyezwa na wengi kuliko kitufe chenye maneno "Agiza sasa", bila ya kuongeza hata chupa moja iliyonunuliwa. Basi ikiwa muradi wake ni kuuza, ahesabu maagizo na si mibonyezo, wala asibadili kipimo baada ya kuyaona matokeo.

La pili ni idadi ya wageni. Tuseme kwamba kwa kawaida wageni 4 katika kila 100 huagiza, na ukurasa wake hupata wageni 300 kwa wiki. Ikiwa anataka kugundua ongezeko dogo, la kutoka 4 hadi 5 katika 100, kanuni ya wanatakwimu humtaka apate wageni karibu 6,900 katika kila fungu, yaani wiki 46 za kungoja, na katika muda huo misimu ya asali itakuwa imekuja na kupita. Lakini akitafuta ongezeko kubwa, la kutoka 4 hadi 8, hesabu huwa nyepesi:

```
16 × 0.06 × 0.94 ÷ (0.04 × 0.04) = 564
```

Hapo 0.06 ni wastani wa viwango viwili anavyovitarajia, 0.94 ni salio lake, 0.04 ni tofauti anayoitafuta, na 16 ni namba iliyowekwa ili, tofauti hiyo ikiwapo kweli, jaribio liione mara 4 katika kila 5. Akiweka 600 kwa kila fungu, wiki nne zitamtosha. Kwa hiyo mwenye wageni wachache asipoteze wakati wake kulinganisha "Agiza sasa" na "Agiza leo", maneno ambayo ni ndugu mno. Ajaribu maandiko yanayotofautiana kwa ahadi, kama hili la kulipa baada ya kupokea, ambalo linagusa hofu ya mnunuzi asiyemjua muuzaji.

Jaribio likaanza, na wiki ya kwanza ikaisha. Tuseme kila fungu limepata wageni 150. Kichwa cha zamani, A, kimeleta maagizo 11, na kipya, B, kimeleta 3. Ipo kanuni fupi ya kupimia, inayofaa pale mafungu yanapokuwa sawa na wanaoagiza ni wachache kati ya wageni: tofauti ya maagizo, ikizidishwa kwa yenyewe, ipite jumla ya maagizo mara nne.

```
(A − B)² > 4 × (A + B)
```

Tofauti ni 8, na 8 mara 8 ni 64. Jumla ni 14, na mara nne yake ni 56. Kipimo kimevukwa, na nafsi yenye haraka itataka kukizika kichwa kipya siku hiyo hiyo. Lau mfanyabiashara angekuwa na subira mpaka wageni 600 kwa kila fungu watimie, angeweza kukuta A ina 27 na B ina 24, tofauti ya 3, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe ni 9 mbele ya 204, yaani si kitu. Mabadiliko ya namna hii si ajabu: mwanzoni maagizo ni machache, na bahati huyatikisa sana.

Kuchungulia matokeo njiani kwa nia ya kusimama pindi yanapopendeza ndiyo taksiri iliyo nyingi kuliko zote katika kazi hii, na kiasi cha madhara yake kinajulikana. Kipimo chetu kimewekwa hivi kwamba, pasipo tofauti yoyote ya kweli, kitatudanganya takriban mara 5 katika kila 100. Lakini ahadi hiyo ni ya kutazama mara moja tu, mwishoni. Mwenye kutazama mara tano, akiwa tayari kusimama kila atakapoona kipimo kimevukwa, hudanganywa karibu mara 14 katika 100. Na mwenye kutazama mara kumi, karibu mara 19. Maneno mawili yasiyozidiana hata kidogo yatampa "mshindi" katika jaribio moja kwa kila matano, naye atajenga biashara yake juu ya ushindi huo. Si haramu kufungua ukurasa na kuangalia kama unafanya kazi. Kosa ni kuhukumu kabla ya idadi iliyoandikwa kutimia.

Idadi ikishatimia, kabla ya kuyahesabu maagizo, ahesabiwe kwanza mgeni. Kura ya haki hutoa mafungu yanayokaribiana, na kanuni ile ile hupima jambo hili pia: 612 kwa 588 ni tofauti ya 24, ambayo mraba wake ni 576 mbele ya 4,800, basi hakuna shaka, bali 680 kwa 520 ni tofauti ya 160, ambayo mraba wake ni 25,600, na hapo yakini ni kwamba kuna kitu kimeharibika. Huenda kichwa kimoja kimewekewa picha nzito, na mgeni wa Mishamo au Karema mwenye mtandao hafifu ameondoka kabla ukurasa haujafunguka na kumhesabu. Waliobaki upande huo ni wenye simu nzuri tu. Jaribio la namna hiyo hutupwa lote, hata kama matokeo yake yanafurahisha, kisha hitilafu hutengenezwa na kura huanza upya.

Na tuseme mwishoni mafungu yamekuwa sawa, 600 kwa 600, nayo A imeleta maagizo 26 na B 46. Tofauti ni 20, mraba wake ni 400, nao umepita 288. Tofauti hii wengi huiita yenye "umuhimu wa kitakwimu", na tafsiri hiyo imewapotosha watu, kwa kuwa msomaji hudhani ameambiwa kwamba faida ni kubwa. Afadhali tuiite tofauti bainifu, maana lisemwalo ni kwamba tofauti imebainika mbali na mtikisiko wa bahati, basi. Juu ya ukubwa wake halijasemwa neno. Ukubwa hupatikana kwa kuchukua kipeuo cha pili cha jumla, ambacho kwa 72 ni karibu 8.5, kukizidisha mara mbili, na kuyaongeza na kuyapunguza hayo 17 katika ile 20: faida ya kweli yaelekea kuwa kati ya maagizo 3 na 37 kwa kila wageni 600. Fauka ya hayo, andiko lililochaguliwa kwa sababu limeongoza aghalabu limebebwa kidogo na bahati, basi mfanyabiashara akiagiza madumu ya asali kwa kutegemea ongezeko lote la 20 huenda akabaki na mzigo ghalani. Na ategemee chini ya hapo.

Nawasihi wenye kuuza kwa njia hii, wa Katavi na wa kwingineko, waandike penye karatasi, kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, kipimo chao, idadi yao na siku yao ya kuhukumu; na siku hiyo ikifika na hesabu ikasema kwamba tofauti haikuonekana, waandike hivyo hivyo, wabaki na andiko wanalolipenda, na waende kujaribu ahadi nyingine iliyo kubwa zaidi.