Tathmini ya nyuzi 360: Umejipa 5, timu imekupa 2. Soma hivi

Bosi anakuona kwenye vikao na ripoti. Wenzako wa ngazi moja wanakuona mnapogawana kazi. Walio chini yako wanakuona mzigo unapochelewa na simu hazikatiki. Tathmini ya nyuzi 360 inakusanya maoni ya pande hizi zote, kisha inayaweka kando ya alama ulizojipa mwenyewe.

Kazi ngumu ni mbili: kuiandaa ili watu waseme kweli, na kusoma tofauti kati ya alama zako na zao bila kujidanganya.

Nani aulizwe?

Kwa kawaida ni bosi wako mmoja, wenzako watatu hadi watano, na wasaidizi wako wote kama si wengi. Chagua watu mliofanya kazi pamoja kwa karibu miezi sita au zaidi. Unaweza kupendekeza majina, lakini bosi ayapitie, la sivyo utajaza marafiki.

Kundi lenye watu chini ya watatu lisionyeshwe peke yake. Ukiwa na wasaidizi wawili tu, ni rahisi kukisia nani kasema nini. Hapo alama zao zichanganywe na za wenzako. Bosi ni mmoja, kwa hiyo alama zake zitajulikana tu, na aambiwe hivyo mapema.

Uliza kitu kinachoonekana

“Je, ni kiongozi bora?” ni swali bovu, maana kila mtu ana kiongozi wake bora kichwani. Uliza tendo: “Anasikiliza hoja za wengine kabla ya kuamua.” Alama ziwe 1 hadi 5, ambapo 1 ni karibu kamwe na 5 ni karibu kila mara. Weka na chaguo la “Sijaona”, ili mtu asilazimike kubahatisha.

Maswali 20 hadi 30 yanatosha. Malizia na mawili ya kuandika: aendelee kufanya nini, na abadilishe nini.

Fomu ya Google Forms inafaa, ila zima sehemu ya kukusanya barua pepe. Majibu yapokelewe na mtu wa rasilimaliwatu au mtu wa nje ya timu, na siyo wewe. Yeye ndiye ayaandike upya maoni kwa maneno ya kawaida, kwa sababu watu hutambulika kwa uandishi wao. Kuna yule ambaye kila sentensi yake inaanza na “kimsingi”.

Jambo jingine: matokeo yasiguse mshahara wala cheo. Yakigusa, watu huanza kulindana: nipe 5, nikupe 5. Na wasaidizi wanaomwogopa bosi watatoa 5 kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, bila neno hata moja la maoni. Ukiona fomu za hivyo zimejaa, usishangilie. Huenda umepimiwa woga.

Mfano: msimamizi wa ghala la dawa

Chukua msimamizi wa ghala mwenye wasaidizi watano, watatu wa zamu ya mchana na wawili wa usiku. Wenzake wanne ni wasimamizi wa manunuzi, mauzo, usafirishaji na uhasibu. Tuangalie maswali mawili.

*“Anasikiliza hoja za wengine kabla ya kuamua”*
– Yeye mwenyewe: 5
– Bosi: 4
– Wenzake: 4, 4, 3, 4 (wastani 3.75)
– Wasaidizi: 2, 2, 3, 2, 2 (wastani 2.2)

Ukijumlisha watu wote kumi, wastani ni 3. Unaonekana wa kawaida tu, na hapo ndipo wengi wanapotea. Hiyo 3 haikutolewa na kundi lolote. Walio juu na pembeni yake wanaona msikilizaji, walio chini wanaona mtu asiyesikiliza. Kwa hiyo usisome wastani wa jumla. Soma kundi kwa kundi.

Pengo kati yake na wasaidizi ni karibu alama 3. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, pengo la alama 1 au zaidi linastahili kuangaliwa, na dogo zaidi ya hapo likiwa kwenye swali moja tu linaweza kuwa bahati. Hapa pia wasaidizi wote wako karibu karibu, 2 na 3, maana yake si kinyongo cha mtu mmoja.

Je, huyu ni mwongo? Si lazima. Yeye anajipima kwa nia yake, na kichwani mwake anajua kuwa alishafikiria hoja zote. Wasaidizi hawaioni nia. Wanachoona ni kwamba wakianza kueleza anakata na kutoa uamuzi. Hatari yake ni kubwa kuliko hisia: kijana aliyekatwa mara tatu hatamwambia tena kwamba maboksi ya nyuma yanakaribia kuisha muda.

*“Maelekezo yake ya kazi yanaeleweka”*
– Yeye mwenyewe: 3
– Bosi: 4
– Wenzake: 4, 5, 4, 4 (wastani 4.25)
– Wasaidizi: 5, 5, 5, 1, 2 (wastani 3.6)

Hapa kajipunja. Kwa bosi na wenzake, hilo ni eneo lake la nguvu ambalo halijui. Lakini hiyo 3.6 ya wasaidizi nayo inadanganya. Hakuna aliyempa 3 wala 4. Watatu wanaelewa kabisa, wawili hawaelewi.

Alama zikigawanyika hivi, tatizo mara nyingi liko kwenye mazingira kuliko tabia. Huenda maelekezo anayatoa kwa mdomo asubuhi, na zamu ya usiku inayapata yakiwa nusu.

Kosa kubwa hapa ni kuanza msako: “Nani kanipa 1?” Ukishauliza hivyo, mwakani utapata 5 tupu. Swali salama linakwenda kwa timu yote: “Maelekezo yanawafikiaje kila zamu?” Jibu litakuja lenyewe, na dawa inaweza kuwa daftari la makabidhiano mlangoni.

Baada ya ripoti

Usijibu siku hiyo hiyo. Soma, lala, soma tena. Chagua jambo moja au mawili, siyo kumi.

Kisha kaa na timu. Watafiti Alan Walker na James Smither walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofuatilia mameneja kwa miaka mitano. Waliokutana na wasaidizi wao kujadili matokeo waliboreka zaidi ya wale ambao hawakukutana nao.

Kikao kiwe kifupi. Msimamizi wetu anaweza kusema: “Asanteni. Nimeona nawakata mkiongea. Kuanzia kesho, kwenye kikao cha asubuhi nitasikiliza wote kwanza, mimi nitaongea mwisho.” Asijitetee, na asiombe mtu athibitishe alichoandika.

Baada ya miezi sita hadi mwaka, swali lile lile liulizwe tena kwa makundi yale yale. Wasaidizi wakipanda kutoka 2.2 hadi 3.2 huku yeye akijishusha hadi 4, pengo limebaki chini ya alama 1: wao wameona mabadiliko, na yeye ameanza kujiona wanavyomwona.